Hotuba Niliyoiandika kwenye Ndizi

Nianze na upumbavu wenyewe, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee. Nikiwa na kalamu, wino, na daftari ambalo hata nusu lilikuwa halijajaa, niliandika hotuba yangu ya sayansi kwenye ndizi. Tena ndizi mbichi. Tena kwa mwiba.

Sikuandika hotuba nzima. Kibanja chote cha migomba cha baba kisingetosha. Niliandika maneno matano, neno moja kwa kila ndizi, kisha nikazifukia ardhini ziive pamoja na maneno yake. Siku hiyo nilijiona nina akili kuliko darasa zima. Hali hiyo hunijia mara chache sana, na kila inaponijia watu wa nyumbani huondoa vyombo vya kuvunjika karibu yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nasoma shule ya bweni pale Bukoba, na kwetu ni Izigo. Umbali huo leo mtu anautaja akipiga miayo, lakini kwangu ulikuwa kama kupelekwa Ulaya bila koti. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo waliozaliwa kutembea dunia, na wapo waliozaliwa kukaa karibu na mafiga wakinusa jani la mgomba linavyofunika chungu. Wenzangu wakitoka darasani walitazama ziwa. Mimi nilitazama barabara ya Muleba, nikihesabu malori ya kahawa yanayoelekea kwetu.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mtoto wa mjini, Mwislamu wa Kashai, ambaye kila Jumamosi alikwenda kwao kwa miguu na kurudi ananuka pilau. Huyo hakunionea huruma hata kidogo.

"Jana usiku umeota nini?" alikuwa ananiuliza. "Mama yako, au chungu chake?"

"Vyote," nilimjibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Basi mwalimu wetu wa sayansi alipotaka kunitisha, hakuhitaji fimbo. Alijua kamba yangu imefungwa wapi.

Mambo yalianzia muhula wa kwanza. Kila mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya darasa na kueleza jambo moja la sayansi kwa dakika tano. Mimi nilichagua mvua. Nikaandika kurasa tisa. Nikasimama, nikaingiza uso wote ndani ya karatasi, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Sentensi zangu zilikuwa ndefu kiasi kwamba nilipofika mwisho wa moja nilikuwa nimesahau ilianza na nani. Mwalimu alikuwa na saa yake ya mnyororo mkononi. Dakika ya kumi na moja aliifunga, paa!

"Kijana, dakika kumi na moja, na mvua yako haijanyesha. Kaa chini."

Darasa lilicheka. Yule wa Kashai alicheka mpaka akashuka chini ya dawati.

Muhula wa pili mwalimu akaja na sheria mpya. Safari hii tutafanya jaribio wenyewe, si kunakili kitabu. Tutazungumza mbele ya wageni, kila mmoja na mtu mzima mmoja kutoka kwao, kwa hiyo tutazungumza Kiswahili, si Kiingereza. Dakika ni tano. Ukishuka chini ya nne umeshindwa, ukivuka tano unakatwa. Karatasi ya kusoma hakuna.

"Na atakayeshindwa," akasema, akinitazama mimi kana kwamba wengine wameshatoka, "atabaki hapa likizo yote ya Juni. Tutafanya mazoezi naye, mimi na yeye, kila asubuhi."

Likizo ya Juni! Kahawa inavunwa, nyumba nzima inanuka kahawa iliyoanikwa, mama ananiachia kijiko cha kwanza cha kila kitu. Nilianza kuhesabu malori ya kahawa ambayo sitapanda.

Haki yake mwalimu nimpe, alitufundisha namna ya kufanya. Akaandika ubaoni. Kwanza, andika hotuba yote, lakini kwa sentensi fupi: sentensi moja, jambo moja. Usiseme "ilifanyika", sema nani alifanya. Pili, simama, isome kwa sauti, rafiki yako ashike saa. Ikizidi, kata. Usikimbize mdomo, kata maneno. Tatu, igawe mafungu: swali langu, nilichofanya, nilichoona, maana yake, shukrani. Nne, kwa kila fungu chagua neno moja tu la kukukumbusha, uliandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani.

"Neno hilo si la kusoma," alisema. "Ni kama mlango. Ukiuona unaingia ndani, na humo ndani unakuta mambo uliyoyaona kwa macho yako. Usipoyaona, hata nikikupa milango ishirini utabaki barazani."

Maneno hayo ya barazani niliyaandika vizuri sana kwenye daftari. Kuyaelewa ni jambo jingine.

Jaribio langu nililichagua kwa sababu ya kitaalamu kabisa: lilikuwa lazima lifanyike nyumbani. Kulikuwa na mapumziko ya siku chache katikati ya muhula, na mimi nikatangaza kwamba nitachunguza kwa nini ndizi za kufukiwa shimoni huiva upesi kuliko zilizowekwa ndani tu. Kwetu kila anayetengeneza lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, anajua kwamba huiva upesi. Sababu ndiyo watu hawakuwa na haja nayo. Mwalimu akakubali. Akanipa na chupa ndogo ya aidini, ile dawa ya vidonda inayochoma, akanionyesha: ukidondoshea kwenye kitu chenye wanga, kinageuka bluu ya kukaribia weusi. Kwenye sukari haigeuki, inabaki na rangi yake ya kahawia.

Sasa, sisi nyumbani hatukuwa na shimo. Baba alikuwa mtu wa misa na kahawa, lubisi aliinywa kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima, kibanja chake kimetenganishwa na chetu kwa milamula tu, ile miti ya mpaka. Marehemu mumewe alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza akarudi na mguu mbovu na Kiswahili cha kambini, na hicho Kiswahili ndicho alichomwachia mkewe: cha amri, hakina mapambo. Lubisi yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya bonde.

Nilimwendea kwa heshima, nikamwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mae, naomba shimo lako, waitu. Ni la masomo."

"Masomo yameanza kulewa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akitafuna punje za kahawa, kisha akasema, "Lile la zamani limebomoka. Nitachimba jipya kesho. Njoo na jembe."

Kesho yake nikaenda. Lakini nilikwenda na daftari, jembe nililisahau. Akachimba yeye. Mimi nilikaa kwenye gogo, nikaandika: *Nilichimba shimo. Kina chake kinafika kiunoni.* Mwalimu si alisema sentensi fupi, na useme nani alifanya? Kiuno kilikuwa cha yule mama.

Alipomaliza akawasha moto humo ndani kwa majani makavu ya mgomba hadi kuta zikapata joto. Akatoa majivu. Akatandika majani mabichi chini na pembeni. Mimi nilileta mkungu mmoja wa ndizi tamu, nikaukata kichane kwa kichane na kuugawa sehemu mbili. Hilo nilifanya mimi, naapa. Ilikuwa lazima mkungu uwe mmoja, ili mtu asije akasema hizi zilikuwa zimekomaa zaidi ya zile. Nusu moja ikaingia shimoni, nusu nyingine nikaitundika kwenye chumba cha ndani penye ubaridi. Shimo likafunikwa majani, kisha udongo, pakaachwa tundu dogo ubavuni, na asubuhi na jioni yule mama alikuja na moto wa kufuka akaupulizia moshi ndani. Mimi niliandika saa.

Ni kabla ya kuzifukia ndipo ile akili ikanijia. Mtoto yeyote wa kwetu amewahi kuchora ndizi mbichi kwa mwiba: mchoro hauonekani mara moja, kisha unageuka kahawia, kisha mweusi, na ndizi ikiiva unabaki mweusi juu ya manjano, unasomeka kuliko gazeti. Nikajiambia: kwa nini nishike karatasi kiganjani kama wenzangu, wakati naweza kushika ndizi zenyewe? Wageni watadhani naonyesha kielelezo, kumbe nasoma. Nikachukua kichane cha ndizi tano, mwiba wa mlimau, nikaandika kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia: SWALI. SHIMO. AIDINI. SUKARI. ASANTE.

Kipande cha karatasi ngumu sikukiandika kabisa. Cha nini?

Siku ya tano tukafukua. Za shimoni zilikuwa za manjano, na maneno yangu yamekaa juu yake meusi, mazuri, mpaka yule mama akauliza nani amezichanja ndizi zake chale. Za ndani zilikuwa kijani kibichi kama nilivyozitundika. Nikakata kipande cha kila aina, nikadondoshea aidini. Kibichi kikageuka kama kimemwagikiwa wino. Kilichoiva kikabaki na kahawia ya dawa, na madoa meusi machache tu, penye wanga uliokuwa bado haujageuka. Nilipiga kelele. Mama alikuja anakimbia na mtoto mchanga mgongoni akidhani nimejikata.

Na huyo mtoto mchanga ndiye aliyenipatia mgeni wangu. Mama hakuweza kusafiri, baba kahawa ilimshika. Yule jirani akajitolea mwenyewe.

"Nitakwenda mimi. Shimo ni langu, nikasikie linavyosemwa."

Siku ya kurudi shuleni, ndiyo ya mazungumzo, tukapanda lori la kahawa alfajiri. Alivaa kanga mpya, akapakata kikapu changu magotini njia nzima kama anapakata mjukuu. Ndani mlikuwa na kichane cha maneno, ndizi mbili mbichi, kisu na sahani. Aidini nilikuwa nayo mfukoni. Hakuna mtu aliyewahi kulindiwa hotuba vizuri namna ile.

Kosa la shule, nasema kwa heshima, lilikuwa la kuwaita wageni asubuhi wakati mazungumzo ni mchana. Sisi wanafunzi tulipelekwa kufagia, kuimba, na kupanga madawati. Wageni wakakalishwa kwenye mabenchi ya barazani, jirani yangu bado amepakata kikapu changu. Kwetu mgeni akikanyaga uwanja tu, kabla ya kuulizwa hata shida yake, anapewa punje za kahawa za kutafuna. Ni salamu. Usipompa, umemwambia aondoke. Pale shuleni wageni walikaa tangu asubuhi hadi jua la utosi, na hakuna aliyewapa hata ganda la kahawa.

Zamu yangu ilikuwa ya nne. Yule wa Kashai alitangulia. Alieleza kwa nini maji hupoa kwenye mtungi: mtungi unavuja jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Karatasi ngumu kiganjani, maneno matano, dakika nne na nusu, akainama kama bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Juni nitakuletea pilau. Nitakurushia dirishani."

Nikasimama. Nikaenda mbele na kikapu changu, jirani amenikabidhi kimefunikwa jani. Mabenchi ya nyuma yalijaa, na katikati yao jirani yangu, amekaa wima, kanga inang'aa. Mwalimu akafungua saa. Nikafunua jani.

Kichane kilikuwa na ndizi mbili.

Ya kushoto kabisa, na ya kulia kabisa. SWALI na ASANTE. Katikati palikuwa wazi, kama mdomo wa mzee aliyebakiwa na magego tu.

Nilimtazama jirani. Akanitikisia kichwa kwa upole, kunitia moyo.

Nikaanza, kwa sababu SWALI lilikuwepo. "Hamjambo wazazi na walimu. Nina swali moja. Ndizi zikifukiwa shimoni, huiva upesi. Zikikaa ndani, hukawia. Kwa nini?"

Hapo nikafika kwenye pengo. Kichwani pangu palikuwa peupe. Sikuona shimo, sikuona moshi, niliona mwezi wa Juni na mwalimu kila asubuhi. Niliisikia saa yake, ti, ti, ti. Nikasema tena, "Kwa nini?" kana kwamba nauliza kwa msisitizo. Nikasema mara ya tatu. Mgeni mmoja mbele akajibu, "Tuambie wewe!"

Ndipo jirani yangu akasimama kule nyuma, bila kuomba ruhusa, akainua mkono. Mkononi alikuwa na maganda matatu, ameyakunja vizuri ndani ya kipande cha jani, kwa kuwa si mtu wa kutupa taka kwa watu.

"Unatafuta haya?" akasema kwa Kiswahili cha marehemu. "Nilikula ndani tu. Maandishi yako yapo."

Ukumbi ulilipuka. Padri, mkuu wa shule yetu ya misheni, alijifanya anakohoa. Kule dirishani yule wa Kashai alikuwa amejishika mbavu.

"Mae," nikasema, "ulikula hotuba yangu?"

"Nimekaa hapa tangu asubuhi, hakuna aliyenipa punje ya kahawa. Nimekuachia mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Mimi si mchoyo."

Mwalimu hakuisimamisha saa. Alisema tu, "Dakika zinakwenda."

Jirani yangu hajui kusoma, lakini hajawahi kumwacha mtu kwenye matope. Akalifungua ganda moja kwa vidole viwili na kulinyoosha juu, kama anaonyesha samaki sokoni. Lilikuwa limegeuzwa juu chini. Nikainamisha kichwa. SUKARI.

"Si hilo, mae. La kabla yake."

Akanyoosha jingine. SHIMO.

"Hilo!" Nikapumua. "Nilichimba shimo. Kina chake kinafika kiunoni. Nili..."

"Nani?"

Alikuwa bado amesimama, ganda juu.

"Nani alichimba?" akauliza tena.

Nilimtazama mwalimu, alikuwa anatazama saa, lakini masikio yake yote mawili yalikuwa kwangu. Na hapo, kwa sababu sikuwa na karatasi wala ndizi ya kujifichia, nikaona. Nilimwona amezama shimoni hadi kiunoni, udongo unaruka begani kwake. Nikaiona hata rangi ya ule udongo, mwekundu juu, wa kijivu chini.

"Jirani yangu alichimba shimo," nikasema. "Mimi nilikaa kwenye gogo. Nikaandika. Yeye aliwasha moto. Kuta zikapata joto. Akatoa majivu. Akatandika majani. Mimi nilikata mkungu mmoja. Nikaugawa mara mbili. Nusu ikaingia shimoni. Nusu ikabaki ndani. Yeye alifunika kwa udongo. Asubuhi na jioni alipuliza moshi. Mimi nilitazama."

Watu walicheka, lakini kicheko cha namna nyingine. Jirani akashusha ganda, ameridhika, akanyoosha la tatu bila kuulizwa.

Ganda hilo sikulisoma. Nilikwisha ingia ndani ya nyumba, mlango wa nini? Nikatoa aidini mfukoni. Nikakata ndizi mbichi moja, kipande kikakaa sahanini. Nilihitaji iliyoiva. Mkono ukaenda kwenye kichane, ukachuma iliyokuwa karibu, nikaimenya, nikaikata, nikadondosha dawa. Nikaipeleka sahani mpaka benchi la mbele.

"Tazameni. Hii mbichi imekuwa nyeusi. Hapa kuna wanga mwingi. Hii iliyoiva haikuwa nyeusi. Wanga umegeuka sukari. Ndiyo maana mbichi haina utamu. Ndiyo maana iliyoiva inakuwa pombe. Shimo linatunza joto. Joto linaharakisha. Moshi una hewa inayoamsha uivaji. Mwalimu alitueleza hivyo. Ndizi zikianza kuiva, nazo hutoa hewa ya aina hiyo. Shimo limefunikwa. Hewa haitoki upesi. Ndizi zinaamshana."

Mwalimu akainua kidole: dakika moja.

Kwenye benchi la mbele mzee mmoja akauliza, "Sasa, kijana, ni joto au ni moshi?"

Hapo ndipo zile kurasa tisa za mvua zingenidanganya nijibu. Nikafikiri. Shimo lilikuwa na joto, na lilikuwa na moshi. Chumba cha ndani hakikuwa na hata kimoja.

"Sijui," nikasema. "Jaribio langu halikuvitenga. Ingehitajika shimo jingine. La joto, bila moshi."

"Mimi ninajua," akasema jirani yangu kule nyuma. "Mwaka kuni ziliponinyima moshi, ndizi zilikawia."

"Dakika tano," mwalimu akasema, akafunga saa. Paa.

Nikainama, nikakusanya kisu na sahani, nikatoka. Nje yule wa Kashai aliniambia nimeshindwa: nimesaidiwa na mgeni, na sheria haisemi habari ya maganda. Niliamini. Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko la shule nikaanza kuaga likizo yangu kitu kimoja kimoja: kahawa, mafiga, kijiko cha kwanza.

Mwalimu alinikuta huko jioni.

"Karatasi ngumu niliyowaambia iko wapi?"

"Niliandika kwenye ndizi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliona ni akili."

Alinigeuzia mgongo. Nadhani alikuwa anapigana na uso wake. Kisha akasema kwamba mtu kunyanyua ganda si kumpa mwingine maneno. Maneno niliyatoa mwenyewe, na yalikuwa mafupi. Akasema hotuba ilianza kuwa ya sayansi pale nilipoulizwa nani alichimba, na kwamba "sijui" yangu ilikuwa sentensi bora ya mchana ule, ingawa nisiizoee. "Nenda kwenu Juni," akamaliza. "Ila kuna neno hukulisema. Kalitafute."

Sikujua ni neno gani. Na kwa furaha niliyokuwa nayo, sikulitafuta. Jirani yangu alikwisha rudi na lori la mchana, bila hata punje moja ya kahawa.

Juni nikafika Izigo. Mama alinipa kijiko cha kwanza, nikakaa karibu na mafiga siku mbili mfululizo bila kusogea, nikamsimulia kila aliyepita jinsi nilivyofafanua wanga mbele ya padri. Simulizi ilizidi kunenepa. Kufikia jioni ya pili padri alikuwa amesimama kupiga makofi.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia naitwa ng'ambo ya milamula. Nikaenda, mikono nyuma, kama mtaalamu anayetakiwa ushauri. Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye kibanja chake kando ya mahali palipofyekwa, palipopigwa mstari wa duara kwa kijiti. Kando ya lile duara palikuwa na jembe moja.

"Ile ndizi ya mwisho," akaniuliza, "ile niliyokuachia upande wa kulia. Ilikuwa imeandikwa nini?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nikaiona ile ndizi sahanini, imekatwa vipande, inadondoka dawa ya kahawia. Nikasema polepole, "Ilikuwa imeandikwa asante, mae."

Akanitazama kwanza usoni, kisha mikononi, ambako hakukuwa na sugu hata moja. Akaniambia, na namnukuu kama alivyosema:

"Umewaeleza watu dakika tano habari za shimo langu, na ile asante yenyewe ukaikata kisu ukaimwagia dawa ya vidonda. Ulisema linahitajika shimo jingine, lisilo na moshi. Jembe hilo hapo, na leo anayekaa kwenye gogo ni mimi."